Kiti cha mbao na mafundisho ya utupu: Padri Desideri katika Tibeti, 1716-1721

Mwezi wa Agosti wa mwaka 1717, Padri mmoja wa Shirika la Yezu, jina lake Ippolito Desideri, alihamia katika monasteri ya Sera, karibu na mji wa Lhasa katika nchi ya Tibeti. Alikuwa na miaka 32. Alizaliwa Pistoia katika Italia, akaondoka Roma mwaka 1712, akapita India, Kashmiri na milima ya Ladaki, hata akafika Lhasa tarehe 18 Machi 1716. Wamonaki wa Sera walimpa chumba, wakamruhusu hata kuweka altare ndogo na kusoma Misa humo ndani. Wakamfungulia pia nyumba yao ya vitabu. Msomaji apime neno hilo: watu wa dini nyingine, nao walijua vizuri kwamba mgeni huyo amekuja ili kuyapinga mafundisho yao.

Tena hakujificha. Mwezi wa Januari 1717 alikuwa amemtolea mfalme, Mmongoli aitwaye Lhazang Khan, kitabu alichokiandika kwa Kitibeti juu ya imani yetu. Mfalme alipendezwa, lakini alimwambia kwanza ajifunze vema vitabu vya nchi ile, kisha ndipo abishane na walimu wake. Shauri hilo lilikuwa la akili. Desideri akashika kusoma tangu asubuhi hata jioni.

Alisoma mengi bila shida kubwa: mafundisho juu ya sala, juu ya dhambi na adhabu yake, juu ya kuzaliwa tena. Lakini alipofikia vitabu vinavyoeleza neno moja, ambalo kwa Kitibeti husemwa « tongpanyi », alikwama. Anasimulia mwenyewe kwamba alisoma asifahamu. Akawaendea walimu kadhaa awaulize. Mmoja alimtuma kwa mwingine, wakubwa nao hawakuweza kumwangazia. Mwishoni akarudi peke yake kwa vitabu, akasoma tena na tena, akamwomba Mungu, hata siku ile giza likaondoka.

Neno lenyewe maana yake ni « kuwa tupu », yaani utupu. Katika lugha ya zamani ya Uhindi ni « shunyata ». Sisi tuliosoma filosofia katika seminari kubwa tunalifahamu upesi, na kwa hiyo tunalifahamu vibaya. Tunafikiri: utupu ni hakuna, basi watu hawa wanafundisha kwamba hakuna kitu. Wataalamu wengi wa Ulaya walifikiri hivyo hivyo katika karne ya 19. Mwaka 1860 Mfaransa Barthélemy Saint-Hilaire alikuwa bado akiandika kwamba dini ya Budha ni ibada ya kutokuwako. Desideri aliyewatangulia kwa miaka zaidi ya mia hakuanguka katika kosa hilo. Ndiyo sababu tunataka kueleza hapa alifahamu nini, maana nusu ya pili ya habari yake haifahamiki bila hiyo.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, ambayo hapa inatusaidia. Mama akituma mtoto kisimani, mtoto akirudi na kusema: « Mtungi ni mtupu », hakuna atakayefahamu kwamba mtungi hauko. Mtungi uko, maji hayamo. Kila tunaposema « tupu » lazima tuulize: tupu ya nini? Basi Wabuda wanaposema kwamba vitu vyote ni vitupu, swali la kwanza si kwamba viko au haviko, ila: vimepungukiwa nini?

Tuchukue kiti tunachokikalia tunapoandika. Ni kiti cha mulombwa, kazi ya seremala wa misioni. Kina miguu minne, ubao wa kukalia, vipande viwili vya egemeo, vijiti vya kushikanisha miguu, misumari na gundi kidogo. Kinatutegemeza barabara. Tukiulizwa: « Kiti hiki ni nini? » tunanyosha kidole: ni hiki. Nasi twaona kama kwamba ndani ya hiki kuna kitu kinachokifanya kuwa kiti, kinachosimama kwa nguvu yake chenyewe, bila kuazima kwa mwingine. Hicho ndicho Wabuda wa Uhindi walichokiita « svabhava », yaani asili yake yenyewe. Nacho ndicho wanachosema hakimo. Kiti ni kitupu cha hicho, sawa na mtungi usio na maji.

Walianza zamani kueleza hivyo. Katika karne ya 2 kabla ya Kristu mfalme mmoja Mgiriki, Menandro, alitawala upande wa Punjabu, katika nchi iliyoachwa na askari wa Aleksanda. Wabuda wanamwita Milinda. Wana kitabu kinachosimulia mabishano yake na mmonaki Nagasena. Mmonaki alimwuliza mfalme kama amekuja kwa miguu ama kwa gari la farasi. Mfalme akajibu: kwa gari. Basi, gari ni nini? Ni magurudumu? Hapana. Ni mhimili? Hapana. Ni kiti cha mwendeshaji, ni nira? Hapana. Ni vyote pamoja? Hapana. Ni kitu mbali na hivyo? Hapana. Mmonaki akamcheka kidogo: Mfalme mkubwa, umesema uwongo, gari haliko! Mfalme hakukubali kushindwa. Akajibu kwamba hakusema uwongo: kwa ajili ya magurudumu na mhimili na nira, watu wanatumia jina « gari ». Nagasena akamsifu: umefahamu vema. Na mtu ni hivyo hivyo: kwa ajili ya mwili na mapashio na mawazo, watu wanatumia jina.

Hapo ndipo wengi wanaoandika juu ya jambo hili wanapoishia, nao wanadhani wamemaliza. Lakini ukikomea hapo umeondoa kiti ukaacha mbao. Kiti ni jina tu, sawa; lakini mguu je? Nyuzi za mti je? Baada ya Nagasena wako walimu wa Kibuda waliojibu waziwazi: kiti na gari na mtu ni majina, lakini chini kabisa viko vipande vidogo vya mwisho visivyogawanyika tena, na kila kimoja kina asili yake yenyewe. Walivihesabu, wakavipanga kwa madaraja, wakaandika vitabu vikubwa juu yake. Kwa shauri lao dunia ni kama nyumba ya matofali: nyumba ni jina, tofali ni kweli.

Aliyekataa tofali ni Nagarjuna, mmonaki wa Uhindi wa kusini, karibu na karne ya 2 au ya 3 ya Kristu. Kitabu chake kikubwa kina sura 27, karibu mashairi 450, mafupi na makavu. Katika sura ya 24 anamwachia kwanza adui yake aseme, na adui anasema lile lile ambalo sisi tungesema: Kama vyote ni vitupu, hakuna kinachotokea wala kinachokoma, hakuna dhambi, hakuna wema, hakuna njia ya wokovu, Budha mwenyewe ameharibika. Hili si shitaka dogo, nalo lilitoka kwa Wabuda wenyewe.

Nagarjuna anageuza mkuki. Anasema: wewe ndiwe unayeharibu vyote. Tuweke jibu lake juu ya kiti chetu. Tuseme kiti hiki kina asili yake yenyewe, kisichotegemea kitu. Basi seremala alifanya nini? Kama kiti kilikuwa tayari ni kiti kwa nguvu yake chenyewe, hakikumhitaji. Kama hakikuwa, hakingeweza kuanza kuwa, maana kinachoanza kimetegemea kile kilichokianzisha. Tena kisingeweza kuvunjika. Mchwa wasingeweza kukila. Mguu ukilegea, tusingeweza kuupigilia msumari, maana kitu kinachosimama chenyewe hakipokei dawa kutoka nje. Kiti chenye asili yake yenyewe kingekuwa kitu kigumu kilichoganda, hakizaliwi, hakizeeki, hakimfai mtu. Ni kwa sababu kiti ni kitupu ndiyo maana mti uliweza kuwa kiti, na kiti kitaweza siku moja kuwa kuni. Na dhambi ni hivyo hivyo: kama mwovu angekuwa mwovu kwa asili isiyotegemea kitu, toba isingekuwa na kazi.

Kwa hiyo Nagarjuna anasema kwamba « utupu » na « kutokea kwa kutegemea » ni neno moja kwa majina mawili. Budha alikuwa amefundisha tangu mwanzo kwamba kikiwako hiki, kile kinakuwako. Kikikoma hiki, kile kinakoma. Nagarjuna aliongeza: na kinachokuwako kwa kutegemea hakina chake chenyewe. Mtu asidhani kwamba kwanza tunaondoa kiti kwa utupu, kisha tunakirudisha kwa kutegemea. Kwa kusema kwamba kimetegemea, tumekwisha kusema kwamba ni kitupu.

Kiti kinategemea namna gani? Mabwana wa Tibeti waliomfuata Nagarjuna wanahesabu namna tatu.

Ya kwanza ni rahisi: kinategemea visababishi. Mulombwa ulioota miaka mingi porini, mvua, udongo, shoka, msumeno na randa ya seremala, chakula alichokula siku ile, mwalimu aliyemfundisha kazi. Kosa moja tu dogo, kama mbao kukatwa kabla hazijakauka, linaonekana mpaka leo katika ubao wa kukalia uliopindika.

Ya pili: kinategemea vipande vyake. Hapa mwalimu Chandrakirti wa karne ya 7 alifanya uchunguzi wa namna saba, akitumia lile gari la zamani. Sisi tutumie kiti. Je, kiti ni kitu kingine mbali na vipande vyake? Hapana, maana tukiondoa miguu, ubao na egemeo, hakuna kiti kinachobaki hewani. Je, ni kitu kimoja na vipande? Hapana, maana vipande ni vingi na kiti ni kimoja. Au tungekuwa na viti kumi na viwili ndani ya kiti. Je, kimo ndani ya vipande, kama maziwa ndani ya kibuyu, au vipande vimo ndani yake? Maneno hayo yanataka kwanza viwe vitu viwili mbalimbali, na hilo tumelikataa. Je, kinavimiliki vipande, kama mtu anavyomiliki ng'ombe? Ni hivyo hivyo.

Zimebaki namna mbili, nazo ndizo zinazotushika sisi wote. Wengi watasema: kiti ni mkusanyiko wa vipande. Basi, tukivue kiti, tuweke vipande vyote katika gunia, bila kupoteza hata msumari mmoja. Mkusanyiko umekamilika, aketi nani? Hapo mtu anajibu upesi: si mkusanyiko tu, ni umbo, yaani vipande vikipangwa hivi. Jibu hili linatupendeza sisi wanafunzi wa Aristoteli, maana tunasikia ndani yake neno la forma. Lakini Chandrakirti anauliza: umbo lipi? Kama ni umbo la kila kipande, mguu una umbo lile lile katika gunia na katika kiti. Kwa nini basi gunia si kiti? Kama ni umbo la mkusanyiko, basi umbo hilo linaegemea juu ya mkusanyiko, na wewe mwenyewe umekiri kwamba mkusanyiko si kitu mbali na vipande. Umejenga dari juu ya ukuta ambao hauko. (Mwalimu wetu wa metafizika angejibu kwamba forma si umbo la nje tu. Angekuwa na haki. Lakini angekiri pia kwamba kiti, kwa kuwa ni kazi ya mikono, hakina forma ya kweli ya namna hiyo. Ugomvi wenye nguvu ungekuwa juu ya mti wenyewe ulio hai, si juu ya kiti.)

Basi tumetafuta kiti kwa namna saba, hatukukipata. Hata hivyo tumekikalia tangu mwanzo wa ukurasa huu. Hapo ndipo ile namna ya tatu ya kutegemea: kiti kinategemea pia akili na desturi ya watu wanaokiita kiti. Vipande vimewekwa hivi, watu wanaketi hivi, jina limewekwa, na kazi inafanyika. Waluba walikuwa na kiti cha ufalme kilichochongwa, kikachukuliwa na sanamu ya mwanamke. Mfalme akitawazwa aliketi juu yake, kisha kilifungwa kwa nguo na kufichwa, asikikalie mtu. Mtu wa nchi ya mbali asiyejua habari hiyo angekiona kigoda, angeketi. Mti ni ule ule. Lakini ufalme wa kiti hicho hauko katika mti peke yake, wala si ndoto ya Waluba: unakuwako kwa kutegemea.

Chandrakirti anamalizia kwamba kiti hakipatikani kwa uchunguzi, wala katika ukweli wa mwisho wala duniani, lakini kwa desturi ya watu wasiochunguza kinasemwa kwa haki, kwa kutegemea vipande vyake. Wale wanaosoma Kifaransa wanaweza kumfuata mwenyewe: Mbelgiji Louis de La Vallée Poussin alitafsiri sehemu kubwa ya kitabu hicho, ikapigwa chapa Louvain kati ya 1907 na 1911.

Mwanafunzi anaweza kukosea hapa kwa namna mbili, na Mtibeti Tsongkapa, aliyemaliza mwaka 1402 kitabu kikubwa juu ya njia ya wokovu, alitumia kurasa nyingi kuonya juu ya zote mbili. Wa kwanza anaondoa mno. Anasema: kiti hakiko, dhambi haiko, mwenzangu anayelia hayuko. Nagarjuna alimfananisha mtu huyo na mshika nyoka asiyejua namna ya kumshika. Tunamtambua kwa dalili moja: mafundisho yake hayamwachii tena sababu ya kutenda mema. Wa pili anaondoa kidogo mno. Anakubali kwamba kiti kinategemea mti na seremala, halafu anaendelea kama zamani, maana hakugusa ile fikira ya kwamba chini ya kutegemea kote kuna kiti chenyewe. Dalili yake ni kwamba kiti kikivunjika, anakasirika kana kwamba ameibiwa. Tsongkapa anasema sherti kwanza ujue vizuri unakana nini. Anayetafuta mwizi asiyemjua sura, atamkamata jirani.

Na tusisahau jambo moja la mwisho: utupu nao ni mtupu. Si maji ya siri yaliyo chini ya vitu, wala si mungu asiye na jina. Utupu wa kiti hiki unategemea kiti hiki. Tukikichoma, tumemaliza kiti na utupu wake pia.

Tumrudie sasa Padri Desideri. Hakudumu Sera. Mwezi wa Desemba 1717 askari wa Wadzungari waliingia Lhasa, wakamwua mfalme, wakapora monasteri nyingi. Yeye akakimbilia jimbo la Dakpo, mahali Mapadri Wakapushini walipokuwa na nyumba. Huko aliandika kwa Kitibeti vitabu vyake vikubwa: kimoja juu ya kuzaliwa tena, na vingine juu ya utupu na juu ya Mungu. Aliviandika kwa namna ya mabishano ya monasteri, akitumia maneno na vitabu vya Watibeti wenyewe, hata lama angeweza kuvisoma bila kujikwaa.

Naye alianzia wapi? Hakuanza kwa kusema: « Ninyi mnafundisha kwamba hakuna kitu. » Alikwisha kujua kwamba si kweli. Alikubali pamoja nao kwamba vitu hivi vyote vinategemea, na kwamba hakuna hata kimoja kinachosimama kwa nguvu yake. Kisha akasema: ndiyo maana lazima awepo mmoja asiyetegemea. Mnyororo wote ulioning'inia hauwezi kuning'inia bila msumari. Kwa Kitibeti alimwita Mungu kwa jina lenye maana ya « aliyekuwako kwa nafsi yake ». Na hapo aliona wazi kwamba mafundisho ya utupu, kwa kukana kuwako kwa namna hiyo katika vitu vyote bila kubakiza, yanafunga mlango ule ule ambao yeye anataka kuufungua. Akaandika kwamba hapo ndipo mzizi wa kumkana Mungu. Lakini pia hakukubali kuwaita Watibeti watu wasio na Mungu moja kwa moja, maana katika sala na matendo yao aliona kama kwamba wanamheshimu kwa gizagiza yule wanayemkana kwa maneno.

Sisi twaona kwamba hapo Desideri alishika jambo lenyewe, kuliko wengi waliomfuata. Siku hizi husikika katika mazungumzo ya mapadri kwamba utupu wa Wabuda ni sawa na fundisho letu kwamba viumbe havijisimamii. Kwamba tofauti ni ya maneno tu. Si hivyo. Sisi na wao tunasema: kiti kinategemea. Sisi tunaendelea: kwa hiyo yuko anayekitegemeza mwishoni. Wao wanaendelea: kwa hiyo hakuna wa mwishoni, na hapahitajiki. Maneno ya kwanza ni yale yale, njia zinaachana katika « kwa hiyo ».

Lama wa Sera angalimjibu nini? Majibu yalikuwa tayari katika vitabu vya Uhindi. Shantideva, wa karne ya 8, alikwisha kuuliza juu ya muumba wa Wahindu: kama kisababishi hakibadiliki na hakitegemei kitu, kwa nini tendo lake lianze leo, lisianze jana? Kama kinangojea kitu, basi kinakitegemea. Tena wanafunzi wa Nagarjuna wangesema: baba si baba kabla ya mtoto. Mtoto anamtegemea baba kwa kuzaliwa, na baba anamtegemea mtoto kwa kuwa baba. Basi Muumba, kwa kuwa Muumba, anategemea kiumbe. Naye pia ni mtupu.

Tusidharau jibu hilo. Mtakatifu Toma alilijua swali lenyewe, ingawa hakumjua aliyeuliza. Alifundisha kwamba viumbe vinamhusu Mungu kweli, lakini Mungu kuvihusu viumbe ni jambo la akili yetu tu. Akatoa mfano wa nguzo na mnyama: mnyama akihama, nguzo iliyokuwa kuumeni kwake inakuwa kushotoni, na katika nguzo yenyewe hakuna kilichobadilika. Nagarjuna angalisema nini juu ya nguzo hiyo? Bila shaka angaliuliza nguzo imesimama juu ya nini. Nasi tungejibu kwamba mfano una mpaka wake, maana nguzo ya Toma ni ya mawe, na Mungu si wa mawe. Mabishano hayo yangaliweza kuendelea siku nyingi katika ua wa Sera, mahali wamonaki wanapobishana wakipiga makofi kwa kila hoja.

Hayakufanyika. Roma ilikuwa imewakabidhi Wakapushini misioni ya Tibeti, na amri ikamfikia Desideri kwamba aondoke. Alitoka Lhasa mwezi wa Aprili 1721, akafanya kazi miaka kadhaa katika India, akafika Roma mwaka 1728. Huko aliandika habari za safari yake, akaingia katika kesi ndefu kati ya Shirika lake na Wakapushini, akafa mwaka 1733, kesi ikiwa imeamuliwa dhidi ya Wayezuiti. Tafsiri yake ya Kilatini ya kitabu kikubwa cha Tsongkapa imepotea. Vitabu vyake vya Kitibeti vilibaki katika masanduku ya Roma. Vilianza kupigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kitaliano katika miaka ya 1980, zaidi ya miaka 250 baada ya wino wake kukauka. Walimu wa Sera ambao aliwaandikia hawakupata kuvijibu.